Namba za Biblia: Mwalimu wa Paris na Mchapaji wa Geneva

Paulo hakuandika Waefeso 5:22. Aliandika barua, mfululizo mmoja wa maneno, na walioipokea waliisikiliza ikisomwa kwa sauti kuanzia salamu mpaka kwaheri. Namba 5 iliingia kwenye barua hiyo miaka zaidi ya elfu moja na mia moja baadaye, mjini Paris. Namba 22 ilichelewa zaidi: ilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1551, mjini Geneva. Kwa hiyo sehemu mbili za rejeo tunalolitaja kwa pumzi moja zimepishana kwa takriban miaka 350, na zimetokana na watu wawili waliokuwa na kazi tofauti na shida tofauti. Mmoja alikuwa mwalimu aliyetaka wanafunzi wake wafungue mahali pamoja. Mwingine alikuwa mchapaji aliyetaka matini tatu zikae sambamba kwenye ukurasa.

Nimekaa na jambo hili kwa muda mrefu kwa sababu ninasoma Biblia na watu wengine, na nimeona namba hizi zinavyotuongoza bila sisi kujua. Msomaji akifika mwisho wa sura hufunga kitabu. Mhubiri huchukua mstari mmoja na kuusimamisha peke yake kana kwamba mwandishi alikusudia usimame hivyo. Mtu aliyekulia pwani, anayesikia Kurani ikisomwa, ana sababu zaidi ya kudhani hivyo, maana sura na aya za Kurani ni sehemu ya usomaji wenyewe tangu kale. Sura za Biblia hazina asili hiyo. Zina historia ya kibinadamu kabisa, yenye tarehe na majina.

Haina maana kwamba kabla ya hapo maandiko yalikuwa bahari isiyo na alama. Wayahudi walikuwa na mistari yao tangu zamani. Katika usomaji wa sinagogi kila mstari ulikuwa na mwisho wake unaojulikana, na wataalamu wa Tiberia waliohifadhi matini ya Kiebrania hadi karne ya 10 waliweka alama ya nukta mbili mwishoni mwa kila mstari. Walihesabu hata jumla: mwishoni mwa Mwanzo waliandika kwamba kitabu kina mistari 1,534. Lakini hawakuipa mistari hiyo namba. Ulijua mstari unaishia wapi. Hukuweza kusema ni wa ngapi, na hakuna aliyehitaji kusema hivyo, kwa kuwa mwanachuoni alitaja maneno ya kwanza ya kifungu na wenzake wakaendelea kwa kichwa.

Wakristo wa Kigiriki nao walikuwa na vifungu vyao. Katika nakala nyingi za kale Injili ya Mathayo imegawanywa katika vifungu 68 na Marko katika 48, kila kimoja kikiwa na kichwa cha habari. Cha kwanza cha Mathayo kinahusu mamajusi, tunapopaita leo sura ya 2, kwa sababu maneno ya utangulizi wa kitabu hayakuhesabiwa kuwa kifungu. Upande wa Kilatini mambo yalikuwa na vurugu zaidi. Kulikuwa na migawanyo mingi iliyozunguka, kila monasteri ikinakili ule iliyourithi. Kitabu kilekile kingeweza kuwa na vifungu vingi katika nakala moja na vichache katika nyingine, na hakuna aliyeona shida mradi kila mtu alisoma nakala ya nyumbani kwake.

Shida ilianza pale watu wa nyumba mbalimbali walipokutana chumba kimoja.

Mwishoni mwa karne ya 12, Paris ilikuwa imejaa wanafunzi kutoka Uingereza, Italia, Ujerumani na kwingineko, na somo kuu lilikuwa Biblia. Fikiria mwalimu anasema, "Angalieni kifungu cha tano," na kila mwanafunzi anafungua mahali tofauti. Stephen Langton, Mwingereza, alifundisha huko kwa miaka mingi na kutoa mihadhara juu ya karibu Biblia nzima. Ni yeye ambaye mapokeo yanamtaja kuwa aligawanya Biblia katika sura tunazozitumia. Waandishi wa zama za kati walisema hivyo, na mihadhara yake inaelekea kuunga mkono: katika ile ya awali anataja sura kwa hesabu za mifumo ya zamani, na katika ile ya baadaye hesabu zake zinakaribiana na zetu. Mwaka 1207 aliwekwa wakfu kuwa askofu mkuu wa Canterbury, na miaka minane baadaye alikuwa miongoni mwa waliosimama kati ya Mfalme John na makabaila wakati wa Magna Carta, hati iliyowekea mamlaka ya mfalme mipaka. Alifariki mwaka 1228.

Hapa napenda kwenda polepole. Kusema "Langton aligawanya Biblia" ni sahihi kwa ufupi, lakini kunatoa picha ya mtu mmoja mezani na kalamu akikata kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo. Wapo wataalamu waliochunguza nakala za mkono na kuona kwamba mgawanyo unaofanana na huu ulikuwa tayari Uingereza, katika monasteri ya St Albans, kabla haujashika Paris. Mwenyewe naona hilo linaeleweka. Mwalimu mzuri hukusanya, huchagua, hurekebisha, kisha hufundisha mpaka chaguo lake linakuwa la kila mtu. Kilichofanya sura hizi zishinde zile nyingine zote ni mahali zilipofundishwa na biashara iliyozizunguka.

Biashara hiyo ilikuwa ya vitabu. Kuanzia karibu mwaka 1230 wanakili wa Paris walitoa Biblia za aina mpya kabisa: juzuu moja, ngozi nyembamba sana, mwandiko mdogo, vitabu vikiwa katika mpangilio mmoja, na namba za sura zilizoandikwa kwa tarakimu za Kirumi, mara nyingi kwa wino mwekundu na wa buluu. Mtawa aliyekwenda kuhubiri aliweza kubeba Biblia nzima mfukoni. Wadominiko na Wafransisko walizisambaza Ulaya yote, na popote zilipofika, sura za Paris zilifika nazo. Ndani ya miongo michache mifumo mingine ilisahaulika.

Sura, hata hivyo, ni eneo kubwa. Sura ya 3 ya Yohana ni ndefu, na kumwambia mtu "neno hili liko Yohana sura ya tatu" bado kunamwacha akitafuta. Watawa wa Kidominiko wa nyumba ya Saint-Jacques mjini Paris, chini ya Hugh wa Saint-Cher, walikutana na tatizo hilo mnamo miaka ya 1230 walipotengeneza itifaki ya kwanza ya Biblia ya Kilatini, yaani orodha ya maneno pamoja na mahali pote yanapopatikana. Suluhisho lao lilikuwa jepesi. Kila sura waliigawa kwa makadirio katika sehemu saba zinazolingana, wakaziita A, B, C, D, E, F na G. A ni mwanzo kabisa wa sura, D ni katikati, G ni mwisho. "Maana jinsi hii Mungu aliupenda ulimwengu" yangeangukia karibu na C au D ya sura ya 3. Hakuna kilichohitaji kuandikwa ndani ya Biblia. Msomaji alipima kwa macho. Njia hiyo ilitumika kwa karibu miaka mia tatu, na Biblia nyingi za kwanza kuchapwa zina herufi hizo pembeni mwa ukurasa.

Itifaki hiyo ndiyo iliyovusha sura za Paris hadi kwa Wayahudi, na njia iliyopita inanihuzunisha. Wayahudi wa kusini mwa Ufaransa na Hispania walikuwa wakiburutwa kwenye mabishano ya kidini na Wakristo, na Mkristo alikuja na rejeo: Isaya sura fulani. Ilibidi anayejibu aweze kupafikia mahali hapo upesi. Isaac Nathan wa Arles, kati ya miaka 1437 na 1447, alitengeneza itifaki ya Biblia ya Kiebrania kwa kufuata mfano wa Kilatini, na akatumia sura za Wakristo. Biblia za Kiebrania zilizochapwa Venisi karne iliyofuata zilizichukua. Kwa hiyo leo rabi na padri wanafungua Isaya 40 mahali pamoja, kwa mgawanyo uliotoka kwenye darasa la Paris.

Sasa tumfikie mchapaji.

Robert Estienne alizaliwa Paris mwaka 1503 katika familia ya wachapaji. Baba yake, Henri, alikuwa amechapa mwaka 1509 kitabu cha Zaburi katika matini tano za Kilatini ambamo mistari ya zaburi ilipewa namba. Zaburi zilikuwa rahisi: ziliimbwa mstari kwa mstari, kila mtawa alijua mstari unaishia wapi. Mwaka 1528, mjini Lyon, ilitoka Biblia ya Kilatini ya Mdominiko Santi Pagnini ikiwa na namba za mistari katika vitabu vyote. Kwa Agano la Kale Pagnini alikuwa na kazi nusu tu, maana alifuata mistari ya Kiebrania iliyokuwepo. Kwa Agano Jipya hakuwa na wa kumfuata. Mistari aliyoikata ilikuwa mirefu mno kulinganisha na yetu, na haikushika. Swali hilo lilibaki wazi: Injili na nyaraka zikatwe wapi?

Robert alikuwa mchapaji wa mfalme, na alitumia herufi za Kigiriki zilizochongwa na Claude Garamond kwa amri ya Mfalme Francis I. Mwaka 1550 alitoa Agano Jipya la Kigiriki lenye ukubwa na uzuri wa kifalme, na pembeni akaonyesha mahali nakala za mkono zinapotofautiana. Halikuwa na namba za mistari. Wanateolojia wa Sorbonne, chuo cha teolojia cha Paris, walikuwa wamemwandama kwa miaka mingi kwa sababu ya maelezo aliyoyaweka kwenye Biblia zake, na mfalme aliyemlinda alikwisha kufa mwaka 1547. Robert akahamia Geneva, akajiunga na Waprotestanti, na huko, mwaka 1551, akachapa tena Agano Jipya. Safari hii kilikuwa kitabu kidogo, chenye Kigiriki katikati, Vulgata, yaani tafsiri ya kale ya Kilatini iliyotumiwa na Kanisa Katoliki, upande mmoja, na tafsiri ya Kilatini ya mwanachuoni Erasmo upande wa pili.

Ukurasa huo ndio ufunguo wa habari yote. Matini tatu zikikaa bega kwa bega, msomaji anayetaka kujua Erasmo alitafsirije neno fulani lazima aweze kuvuka kutoka safu moja kwenda nyingine bila kupotea. Safu hazina urefu sawa, maana Kigiriki na Kilatini havichukui nafasi ileile. Robert akakata matini yote vipande vifupi, kila kipande akakianzisha kwenye mstari mpya wa ukurasa na kukipa namba, ili kipande cha 16 upande huu kilingane na kipande cha 16 upande ule. Katika utangulizi alisema kwamba katika kugawa hivyo alifuata nakala za kale kabisa za Kigiriki na Kilatini. Mtu akizilinganisha na kazi yake anaona kuwa vituo vingi vinakubaliana na vile vya kale, lakini mfumo wenyewe kwa ujumla ni wake. Alikuwa pia na mpango wa itifaki ya Kigiriki, na itifaki inahitaji rejeo lililo sahihi kuliko herufi za A hadi G.

Kuna habari ambayo kila anayezungumzia mistari huisimulia: kwamba Robert aliikata akiwa amepanda farasi, na mahali mstari ulipokatika vibaya ni pale farasi alipojikwaa. Chanzo chake ni mwanawe, Henri wa pili, aliyeandika mwaka 1594 katika utangulizi wa itifaki ya Kigiriki. Alisema baba yake alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo safarini kutoka Paris kwenda Lyon, na akatumia maneno ya Kilatini *inter equitandum*, ambayo yanaweza kumaanisha akiwa juu ya farasi au katika vipindi vya mapumziko ya safari hiyo. Farasi kujikwaa hakumo. Nani anaweza kuandika kwa wino juu ya mgongo wa farasi na kurasa za kitabu mkononi? Naamini alifanya kazi jioni, kwenye nyumba za wageni, na asubuhi akapanda farasi akiwa bado anafikiria kipande kinachofuata. Henri anaongeza jambo ninalolipenda zaidi: kwamba wakati ule watu walimwambia baba yake anapoteza muda wake kwa kitu kisicho na faida wala heshima.

Walikosea upesi sana. Mwaka 1553 Robert alichapa Biblia nzima ya Kifaransa ikiwa na mistari hiyo, na mwaka 1555 Biblia nzima ya Kilatini. Waingereza waliokimbilia Geneva wakaiweka katika Agano Jipya lao la 1557 na Biblia yao ya 1560. Hata Roma haikuweza kuikwepa. Mwaka 1590 Vulgata rasmi ilitolewa ikiwa na mgawanyo tofauti wa mistari, na usumbufu ukawa mkubwa. Toleo lililochukua nafasi yake mwaka 1592 likarudi kwenye mistari ya Robert, mchapaji aliyekuwa amelikimbia Kanisa Katoliki. Nadhani hilo linaonyesha nguvu ya namba hizi kuliko maelezo yoyote. Ni kama namba za nyumba katika barabara: ukishazoea, hutaki mtu azibadilishe, hata kama aliyezibandika alianza upande usiofaa.

Na kweli kuna mahali alianza upande usiofaa, ama yeye ama waliomtangulia. Baadhi ya makosa ni rahisi kuyatambua hata bila kujua lugha nyingine. Angalia Mathayo 16:28, ambapo Yesu anasema wapo watu waliosimama pale ambao hawataonja mauti kabla ya kumwona Mwana wa Adamu akija katika ufalme wake. Sura inaishia hapo, kisha sura ya 17 inaanza na kupanda mlimani. Neno hilohilo katika Marko ni 9:1, mwanzo wa sura, na kupanda mlimani ni mstari wa pili. Msomaji wa Mathayo analisoma kama hitimisho la mafundisho juu ya kujitwika msalaba. Msomaji wa Marko analisoma kama utangulizi wa Yesu kugeuka sura mlimani. Tafsiri mbili tofauti za neno moja, na kilichozitenganisha ni mahali sura ilipokatwa. Katika Vulgata ya 1592 neno hilo la Marko liko mwisho wa sura ya 8, kama mstari wa 39. Ndiyo maana Biblia za Kikatoliki za zamani zinazotokana na Vulgata zina sura ya 9 ya Marko yenye mstari mmoja pungufu.

1 Wakorintho 11:1 ni wazi zaidi. "Mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo" linafunga hoja ndefu ya nyama zilizotolewa kwa sanamu, ambayo Paulo anaimaliza kwa kusema hatafuti faida yake mwenyewe bali ya walio wengi. Mstari wa pili wa sura ya 11 unaanza kuwasifu Wakorintho na kuingia habari mpya ya kufunika kichwa. Mstari wa kwanza umeachwa upande usio wake, na anayeanza kusoma sura ya 11 anaupokea bila kujua Paulo anasema afuatwe katika nini.

Lakini mahali ninapoona uzito zaidi ni pale pa Waefeso. Katika Biblia ya Union, 5:22 inasomeka: "Enyi wake, watiini waume zenu kama kumtii Bwana wetu." Nimeusikia mstari huu ukisomwa harusini mara nyingi, na karibu kila mara msomaji huanzia hapo, kwa sababu hapo pana namba, na matoleo mengi huweka hapo kichwa cha habari kuhusu wake na waume. Sasa rudi nyuma. Mstari wa 21: "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo." Umeanza kwa "hali", maana yake umening'inia kwenye kitu kilichotangulia. Kilichotangulia ni mstari wa 18: "mjazwe Roho." Hiyo ndiyo amri. Baada yake Paulo anaeleza hali ya waliojazwa: mkisemezana kwa zaburi, mkiimba, mkimshukuru Mungu, mkinyenyekeana. Ni sentensi moja yenye mkia mrefu.

Mkia huo hauishii kwenye 21. Katika nakala mbili za kale sana za Kigiriki, moja ya mafunjo ya karibu mwaka 200 na nyingine ni Kodeksi ya Vatikani ya karne ya 4, mstari wa 22 hauna kitenzi kabisa. Unasema tu: "wake kwa waume wao wenyewe, kama kwa Bwana." Kitenzi lazima ukikope kutoka mstari wa 21, ambako ni kunyenyekeana, kila mmoja kwa mwenzake. Huwezi kuanza kusoma kwenye 22 kwa Kigiriki hicho; sentensi inaanguka. Wanakili wa baadaye waliongeza kitenzi, na ni rahisi kuona kwa nini: mara tu unapoanza usomaji hapo, inabidi pawe na kitenzi. Tafsiri zetu nazo lazima zikiweke. Kisha namba inakuja juu yake, aya mpya, kichwa cha habari, na maneno yaliyokuwa mfano wa kwanza wa kunyenyekeana yanageuka kuwa amri inayosimama yenyewe. Sisemi kwamba hilo linamaliza mjadala wa Waefeso 5; wafasiri makini wanatofautiana juu ya maana yake. Ninasema kwamba anayeanzia 22 hajasoma sentensi ya Paulo, amesoma nusu yake.

Ninapojiandaa kusoma waraka na wenzangu, huunakili bila namba na bila vichwa vya habari, kisha natafuta mahali hoja inapogeuka mwenyewe. Viunganishi husaidia sana: "basi", "kwa hiyo", "kwa maana", "hali". Mstari ukianza na mojawapo ya hayo, haujaanza kitu, unaendeleza. Warumi 8 inaanza kwa "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu", na "basi" hiyo inakurudisha kwenye kilio cha mwisho wa sura ya 7. Mwanzo 1 nayo inaishia siku ya sita, na siku ya saba iko Mwanzo 2:1-3, ingawa juma ni moja na simulizi ni moja.

Jambo la mwisho ni lile linalowatia watu hofu zaidi, nalo linatokana na Robert moja kwa moja. Fungua Matendo 8 katika Union. Towashi wa Kushi anauliza, "Tazama, maji haya, ni nini kinachonizuia nisibatizwe?" Huo ni mstari wa 36. Mstari wa 37, jibu la Filipo na ungamo la towashi kwamba Yesu Kristo ndiye Mwana wa Mungu, uko ndani ya mabano. Katika tafsiri nyingi za siku hizi hutaukuta kabisa: namba inaruka kutoka 36 hadi 38, au 37 imeshushwa chini ya ukurasa. Nimeona watu wakisambaziana simuni orodha za mistari ya namna hii, wakiamini kuna waliokaa na kuinyofoa.

Kilichotokea ni hiki. Maneno ya mstari wa 37 ni ya kale. Askofu Irenio aliyajua katika karne ya 2. Lakini nakala za Kigiriki za kale zaidi na nyingi za baadaye hazina. Erasmo, alipochapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, aliyaona pembeni mwa nakala moja ya mkono, akadhani wanakili waliyaruka kwa uzembe, akayaingiza ndani ya matini. Robert alichapa matini iliyotokana na ya Erasmo. Alipokaa kuhesabu mwaka 1551, maneno hayo yalikuwa mbele yake, akayapa namba 37. Baadaye nakala za kale zaidi zikapatikana na kulinganishwa, na wahariri wakaona maneno hayo hayakuwa ya Luka. Wangeweza kuyatoa na kuhesabu upya, 38 ikawa 37. Lakini hapo kila itifaki, kila kitabu cha ufafanuzi na kila kumbukumbu ya muumini ingekuwa imekosea kwa mstari mmoja kuanzia hapo hadi mwisho wa sura. Wakaamua kuacha namba ilivyo na pengo lionekane. Yohana 5:4, kuhusu malaika anayetibua maji, Mathayo 17:21 na Marko 9:44 ziko katika hali hiyohiyo. Pengo kwenye hesabu linaonyesha kile kilichokuwa kwenye meza ya Robert mwaka 1551, na kwamba wahariri waliofuata hawakulificha. Ukilikuta, shuka chini ya ukurasa. Katika matoleo mengi tanbihi iko hapo, pamoja na maneno yenyewe.